Mkopo wa masomo wenye kipindi cha neema: salio la kuanzia kulipa linapatikanaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Salio la kuanzia si ndo ile hela niliyokopa?

Sio, na hapa ndo watu wengi wanashtuka. Ulichokopa ni deni la msingi. Salio la kuanzia ni deni la msingi pamoja na riba yote iliyokuwa inajilimbikiza kimyakimya kuanzia siku kila awamu ilipotoka mpaka siku kipindi cha neema kinaisha, na siku hiyo ile riba inaacha kuitwa riba, inaingizwa kwenye deni la msingi na kuanzia hapo nayo inazaa riba kama hela nyingine yoyote uliyokopa. Marejesho yako ya kila mwezi yanapigwa kwa hilo salio jipya, hawaangalii tena ulichokopa mwanzo.

Mbona inaitwa neema kama riba inaendelea?

Neema ni ya kutodaiwa marejesho. Yaani umemaliza masomo, wanakupa miezi sita hivi (mikataba mingine zaidi) utafute kazi, hawakusumbui, lakini saa ya riba haijasimama. Kuna mikopo ambayo riba ya kipindi cha masomo inalipwa na serikali au mfadhili, hiyo nitaigusa huko chini, ila mkopo wa kawaida wa riba unaanza kuhesabu siku hela imetoka, sio siku umemaliza chuo.

Nipe mfano wa namba basi, maneno matupu hayasaidii

Sawa, tuchukue dada mmoja wa mfano na huyuhuyu tutaenda naye mpaka mwisho. Sarafu sitaitaja, weka ya kwako. Kakopa 10,000 kila mwanzo wa mwaka wa masomo kwa miaka minne, jumla 40,000. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka, riba ya kawaida isiyojizidisha mpaka siku ya kuingizwa kwenye deni. Baada ya miaka minne kamaliza, ana miezi sita ya neema, halafu ndo riba yote inaingizwa mara moja na marejesho yanaanza.

Kosa la kwanza la kukwepa ni kuichukulia 40,000 kama kitu kimoja. Sio kitu kimoja, ni mikopo minne midogo na kila mmoja una umri wake. Awamu ya kwanza imekaa miaka minne ya masomo na nusu ya neema, yaani 4.5, ya pili 3.5, ya tatu 2.5, na ya nne imekaa mwaka mmoja na nusu tu. Kwahiyo riba zake ni hizi:

```
10,000 × 0.06 × 4.5 = 2,700
10,000 × 0.06 × 3.5 = 2,100
10,000 × 0.06 × 2.5 = 1,500
10,000 × 0.06 × 1.5 =   900
```

Jumla ya riba 7,200. Ongeza kwenye 40,000 unapata 47,200, hilo ndo salio lake la kuanzia. Kama awamu zote ni sawa na riba ni ileile kuna njia ya mkato, jumlisha miaka (4.5 na 3.5 na 2.5 na 1.5 ni 12) halafu piga 10,000 × 0.06 × 12, jibu ni lilelile.

Angalia kitu kimoja hapo, awamu ya kwanza peke yake imezaa riba mara tatu ya awamu ya mwisho, hela ni ileile na asilimia ni ileile, umri tu ndo tofauti. Ndo maana mtu anayeuliza "nimekopa 40,000 kwa asilimia 6 nitadaiwa ngapi" hawezi kujibiwa mpaka aseme hela zilitoka lini.

Mimi hela inatoka kila semista, sio kila mwaka, inabadilisha kitu?

Inabadilisha, na kwa faida yako. Tuseme yule dada angepewa 5,000 kila semista badala ya 10,000 kila mwaka. Sasa una vimikopo nane vyenye umri wa miaka 4.5, 4, 3.5, 3, 2.5, 2, 1.5 na 1, jumla 22. Piga 5,000 × 0.06 × 22 upate 6,600, kwahiyo salio ni 46,600, yaani 600 chini kwa sababu tu nusu ya kila hela ilichelewa kutoka miezi sita. Kwahiyo kabla hujaanza kukokotoa tafuta tarehe halisi za kila hela kutoka, zipo kwenye stetimenti, usitumie mwaka wa masomo kwa kukisia.

Miaka na nusu sawa, ila benki inahesabu siku. Nifanyeje?

Hapo fungua Excel tu usijichoshe na kalkuleta. Kuanzia mstari wa pili, safu ya A weka tarehe hela ilipotoka, safu ya B kiasi, halafu F1 weka riba (0.06) na F2 weka tarehe riba inapoingizwa kwenye deni. Kwenye C2 andika hivi afu uivute chini:

```
=B2*$F$1*($F$2-A2)/365
```

Excel ukitoa tarehe kwa tarehe inakupa siku. Ukijumlisha safu ya C una riba, ongeza jumla ya B una salio.

Tumpe yule dada tarehe kamili: hela zake zilitoka 1 Oktoba 2020, 2021, 2022 na 2023, masomo yakaisha 1 Oktoba 2024 na riba ikaingizwa 1 Aprili 2025. Siku zinakuja 1,643, 1,278, 913 na 548, jumla 4,382. Riba ni 7,203.29 na salio 47,203.29. Zile 3.29 za ziada zimetoka wapi? Februari 2024 ilikuwa na siku 29 na awamu zote nne zilikuwa zimeshatoka, hapo siku nne za ziada, halafu neema yake ya miezi sita ilikuwa siku 182 badala ya 182 na nusu, hapo nusu siku inapungua kwa kila awamu, ukichanganya unabaki na siku mbili juu. Sistimu nyingine zinagawa kwa 365.25 ili kumeza mwaka mrefu, hapo riba ingekuwa 7,198.36. Tofauti ya hizi namba ni ndogo, usiende ofisini kugomba kwa ajili ya 5.

Kinachostahili kuangaliwa ni mkataba unaogawa kwa 360. Mwaka una siku 365 lakini wanagawa kwa 360, kwahiyo ile asilimia 6 inakuwa kama 6.08 kwa vitendo. Kwa mfano wetu wa miaka kamili riba ya 7,200 inakuwa 7,300. Sio wizi kama imeandikwa kwenye mkataba, ila soma ujue.

Nimepiga hesabu yangu nimepata namba moja, stetimenti inasema nyingine. Nani kakosea?

Hili swali ndo zuri kuliko yote, na ukweli ni kwamba ile namba ya stetimenti yenyewe mara nyingi inakwambia walifanyaje. Nimewahi kukaa usiku mzima na stetimenti yangu nikidhani nimeibiwa kumbe mkataba ulikuwa unaingiza riba mara mbili na mimi sijausoma ukurasa wa pili. Tumia mkopo uleule wa 10,000 mara nne kwa asilimia 6, jibu letu la miaka kamili ni 47,200, sasa tuone namba nyingine zinatokaje.

Ukikuta 47,380, riba imeingizwa mara mbili: siku masomo yalipoisha na tena siku neema ilipoisha. Mpaka masomo yanaisha umri wa awamu ni 4, 3, 2 na 1, jumla 10, riba 6,000, deni likawa 46,000, halafu miezi sita ya neema ikatozwa kwenye hiyo 46,000 badala ya 40,000, yaani 1,380 badala ya 1,200. Ile 180 ya juu ni asilimia 3 ya 6,000, riba juu ya riba. Hii ipo kwenye mikataba halisi, tafuta sentensi inayosema riba itaingizwa "mwisho wa kipindi cha masomo" au "kila hali ya mkopo inapobadilika".

Ukikuta 47,741.79, riba inaingizwa kila awamu inapotimiza mwaka, na ile nusu mwaka ya mwisho nayo imepigwa kwa mtindo huohuo wa kujizidisha. Ukikuta 47,974.45 inaingizwa kila mwezi. Hapo sio kwamba sistimu imekosea kujumlisha, ni aina nyingine ya mkopo kabisa, swali linabaki kama ndivyo ulivyosaini au sivyo.

Ukikuta 50,800 hapo simama. Hiyo ni 40,000 nzima kutozwa miaka 4.5, yaani wamekuhesabia kama vile hela zote ulipewa siku ya kwanza. Kama kweli ulipewa kwa awamu basi hilo ni kosa na unapaswa kudai marekebisho, nenda na tarehe za kila awamu zimeandikwa. Mara nyingi lakini sio benki iliyokosea hivi, ni zile kalkuleta za mtandaoni ambazo zina kisanduku kimoja tu cha kuandika kiasi cha mkopo, mtu anajaza 40,000 na miezi 54 halafu anaanza kulia.

Na ukikuta 41,200 furahi kwanza, halafu hakiki. Hiyo ni riba ya miezi sita ya neema tu, 40,000 × 0.06 × 0.5. Inatokea kama kuna mfadhili aliyelipa riba ya miaka ya masomo, na kwenye mkopo wa namna hiyo ndo jibu sahihi. Kama mkopo wako hauna ufadhili wa riba basi hiyo 6,000 iliyokosekana itakuja tu, usipange bajeti kwa 41,200.

Hela niliyopokea ilikuwa pungufu ya iliyoandikwa kwenye mkataba, nitumie ipi?

Tumia iliyoandikwa kwenye mkataba. Mikopo mingi ina ada ya kuanzisha inayokatwa kabla hela haijakufikia. Kama ada ni asilimia 1 yule dada akaunti yake ilisoma 9,900 kila mwaka lakini anadaiwa 10,000 na riba inahesabiwa kwenye 10,000. Ukikokotoa kwa 9,900 utapata 46,728 na utabaki unajiuliza ile 472 imetoka wapi. Ni ada 400 pamoja na riba yake 72.

Riba yangu ilibadilika katikati

Kuna hali mbili. Kama kila awamu ina riba yake ya kudumu (mwaka wa kwanza asilimia 5, wa pili 6 na kadhalika) basi kila mstari unatumia asilimia yake, usitafute wastani, maana awamu yenye umri mkubwa ina uzito mkubwa na wastani wa kawaida utakudanganya. Kama ni riba inayopanda na kushuka kwa mkopo mzima, kata muda vipande kwenye kila tarehe riba ilipobadilika, pata riba ya kila kipande, jumlisha. Inachosha ila haina ujanja.

Nikilipa kidogokidogo wakati wa neema inasaidia?

Inasaidia, ila sio kwa namna watu wanavyodhani. Wakati wa neema yule dada anazalisha riba ya 200 kwa mwezi (40,000 × 0.06 ÷ 12). Akilipa 200 kila mwezi kwa miezi sita anaanza na 46,000 badala ya 47,200. Akiamua kulipa yote 7,200 anaanza na 40,000 safi.

Sasa sikiliza hapa. Kwa kuwa riba bado haijaingizwa kwenye deni, riba yenyewe haizai riba. Malipo yako yanakwenda kwanza kwenye riba iliyolimbikizwa, kwahiyo 1,000 ukiilipa mwezi wa kwanza wa neema au wiki ya mwisho inapunguza salio la kuanzia kwa 1,000 ileile, hakuna zawadi ya kuwahi. Ina maana unaweza kuiweka hiyo hela akiba inakozaa kidogo, au uishike tu kama kinga ya dharura kipindi huna kazi, halafu uilipe karibu na mwisho. Hii ni kweli mradi unacholipa hakizidi riba iliyopo, kikizidi kinaanza kula deni la msingi na hapo kuwahi kuna faida. Na kama mkataba wako unaingiza riba kila mwezi basi kuwahi kuna faida toka mwanzo.

Mimi ningelipa wiki moja au mbili kabla ya tarehe, sio siku yenyewe, kwasababu malipo yana siku za kusafiri kutoka akaunti yako mpaka yaandikwe kwa mkopeshaji na kinachohesabika ni siku yameandikwa.

Je nikichelewa siku mbili, nimeshaharibu?

Hapana, na watu wanatishana sana kwa hili. Tuseme yule dada kalipa 7,200 siku mbili baada ya riba kuingizwa. Deni sasa ni 47,200 na linazalisha 7.76 kwa siku, kwahiyo kwenye ile 7,200 inatoka 15.52 ya riba ya siku mbili na iliyobaki inapunguza deni la msingi mpaka 40,015.52. Kapoteza 15.52 ambazo sehemu kubwa yake angetozwa hata kwenye 40,000.

Shida iko kwingine. Rejesho lake la mwezi limeshapangwa kwa 47,200, tuseme la kulipwa kwa miaka 10, hesabu yake iko kwenye swali linalofuata, na mara nyingi halipungui lenyewe, kwahiyo ataendelea kulipa 524.02 badala ya 444 na ushee, ila atamaliza mapema, kama miezi 97 badala ya 120. Wengine watalipenda hilo, wengine walitaka nafuu ya kila mwezi. Jambo la pili ni kwamba sistimu nyingine zikipokea hela ya ziada zinaichukua kama malipo ya miezi ijayo, yaani zinakwambia huna haja ya kulipa mpaka mwakani, na ukiacha kulipa kweli riba inaendelea kutembea. Andika ujumbe kwamba hela iende kwenye deni la msingi, na hakikisha kwenye stetimenti inayofuata.

Hiyo riba kuingizwa kwenye deni inaniongezea kiasi gani hasa?

Rejesho la mwezi kwa deni S, riba ya mwezi i na miezi n linapatikana hivi:

```
M = S × i / (1 − (1 + i)^(−n))
```

Kwa miaka 10, riba ya mwezi 0.005 na miezi 120, salio la 47,200 linatoa 524.02 kwa mwezi. Kama angeanza na 40,000 ingekuwa 444.08. Ile riba ya 7,200 peke yake inamgharimu kama 79.93 kila mwezi kwa miezi 120, jumla 9,592. Kwahiyo 7,200 imegeuka 9,592, na 2,392 ndo bei ya kuiacha iingie kwenye deni badala ya kuilipa kabla. Sio ndogo ila pia sio maafa, na kama huna hiyo 7,200 usikope kwingine kwa riba kubwa eti uiwahi tarehe, utakuwa umelipa zaidi.

Nitajuaje kama riba imeshaingizwa au bado?

Angalia riba ya siku, ndo kipimo kisichodanganya. Kabla ya kuingizwa, deni la msingi la 40,000 linazalisha 6.58 kwa siku. Baada ya kuingizwa, 47,200 inazalisha 7.76. Stetimenti nyingi zinaonyesha riba ya siku, na kama hazionyeshi chukua stetimenti mbili ambazo hapo katikati hujalipa kitu, toa riba moja kwa nyingine, gawa kwa siku. Dalili nyingine ni kwamba mstari wa riba iliyolimbikizwa unarudi sifuri na mstari wa deni la msingi unapanda kwa kiasi kilekile siku hiyohiyo. Kama riba imerudi sifuri lakini deni la msingi halikupanda na hukulipa, uliza, inawezekana kuna mtu au mpango umekulipia.

Kuna mikopo pia ambayo riba iliyolimbikizwa haiingizwi kabisa mwanzoni mwa marejesho, inabaki pembeni kama mstari wake. Marekani kwa mfano, kuanzia 1 Julai 2023 mikopo ya wanafunzi inayotolewa moja kwa moja na serikali kuu haiingizi tena riba kwenye deni pale mkopaji anapoanza kulipa kwa mara ya kwanza, ila mikopo ya makampuni binafsi inafuata mkataba wake. Ukiwa na mkopo wa namna hiyo bado unadaiwa 47,200, lakini riba ya siku inabaki 6.58.

Salio la kuanzia ni 47,200 lakini apu inaniambia ili nimalize deni lote leo nilipe 47,432.77. Hiyo ya juu ni nini?

Ni riba ya siku 30 tangu riba ya zamani ilipoingizwa, 7.76 kila siku. Tarehe ya kuingiza riba na tarehe ya rejesho la kwanza sio siku moja, mara nyingi kuna mwezi hivi katikati. Riba hiyo mpya haijaingia kwenye salio la kuanzia na rejesho lako la kwanza litailipa: kwenye 524.02 kama 233 inakwenda kwenye riba na kama 291 ndo inapunguza deni. Kwenye majedwali ya miezi utaona 236 na 288.02 kwasababu yanagawa mwaka vipande 12 sawa.

Nikiacha chuo au nikisimamisha masomo?

Neema kwa kawaida inaanza kuhesabiwa siku uliyoacha kuwa mwanafunzi, haisubiri mahafali. Mtu anapanga kwa tarehe ya mahafali na kumbe miezi miwili ya neema imeshapita. Ukirudi masomoni kabla neema haijaisha, mikataba mingine inakurudishia yote na mingine inakuhesabia uliyotumia, na hapo tarehe ya kuingiza riba inasogea mbele, yaani umri wa kila awamu unaongezeka. Kwa yule dada kila mwezi mmoja wa kusogea unaongeza 200.

Naweza kwenda kinyumenyume, niamue salio halafu nijue nikope ngapi?

Ndiyo, na ni hesabu fupi kuliko zote hizi. Kwa awamu nne sawa na riba ya asilimia 6, salio ni kila awamu mara 4.72 (nne za msingi na 0.72 ya riba, ambayo ni 0.06 × 12). Ukitaka kuanza na 40,000 kamili gawa 40,000 kwa 4.72, unapata 8,474.58 kwa mwaka. Na kama umeshakopa 10,000 kila mwaka na unataka kuanza na 45,000, toa tu: 47,200 toa 45,000, unahitaji kulipa 2,200 kabla ya tarehe, kwa mkupuo au vipande ni juu yako.